TANGAZO LA SEKUNDE THELATHINI: JINSI YA KUPANGA JEDWALI LA PICHA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili yule ambaye hakuweza kufika ayasome na kikundi chake.)

 

Vikundi vingi vimetuuliza swali moja: sasa kwa kuwa karibu kila kikundi kina mtu mwenye simu ya kupiga picha za video, je, tunaweza kujitengenezea tangazo la bidhaa yetu? Jibu ni ndiyo. Lakini mkianza kwa kuishika simu mtapoteza siku nzima, na jioni mtakuwa na video ya dakika kumi isiyoeleweka. Mwanzo wa kazi ni karatasi na kalamu, na leo tutazungumza juu ya karatasi hiyo tu.

Watengenezaji wa filamu huiita storibodi. Ni picha zilizochorwa na kupangwa kwa mfuatano, ili kila mtu aione filamu kabla haijapigwa. Mtindo huo ulikua katika studio ya Walt Disney huko Amerika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji walibandika michoro yao ukutani, na ule usiofaa uliondolewa bila gharama. Sisi tutautumia kwa njia nyepesi zaidi: jedwali lenye safu nne, yaani picha, tendo, sauti na muda.

KIKUNDI KIMOJA NA ASALI YAKE

Ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano wa kikundi kimoja cha akina mama wa upande wa Mwingi ambacho tulikaa nacho tukapanga. Kikundi hiki hufuga nyuki na kuuza asali Nairobi. Shida yao ilikuwa hii. Ikifika Juni na Julai, wakati wa baridi, asali huganda ndani ya chupa, ikawa nzito yenye chembechembe. Wanunuzi wakiiona husema, "Hawa wametia sukari." Wenye maduka nao wakaanza kurudisha chupa, na chupa iliyorudishwa hailipwi.

Nyinyi mnaofuga nyuki mnajua ukweli. Asali ina sukari yake ya asili kwa wingi, na kukiwa na baridi sehemu ya sukari hiyo hujitenga na kuwa chembe. Haijaharibika. Ukiiweka chupa katika maji ya uvuguvugu, asali huyeyuka tena polepole.

Basi kikundi kikakubaliana kuwa tangazo liseme neno moja tu: asali kuganda si kuharibika. Tafadhali liandikeni neno lenu namna hiyo juu kabisa ya karatasi kabla ya kuchora msitari wowote. Sekunde thelathini hubeba neno moja. Ukiongeza historia ya kikundi, bei, na shukrani kwa mgeni rasmi, mtazamaji hatakumbuka hata moja.

KUCHORA JEDWALI

Chukua karatasi ya fulskepu, uilaze upande. Piga mistari ya kusimama upate safu nne, na pembeni kushoto uache nafasi ndogo ya namba. Safu ya kwanza ni PICHA. Iwe pana, kwa sababu ndani yake utachora visanduku. Ya pili ni TENDO. Ya tatu ni SAUTI. Ya nne ni MUDA, na hiyo inaweza kuwa nyembamba. Kila msitari wa kulala ni picha moja, yaani kipande kimoja ambacho simu inapiga bila kukatizwa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Jedwali hili halijazwi jinsi tunavyosoma, kutoka kushoto hadi kulia, msitari mmoja mmoja. Hujazwa safu kwa safu. Kwanza picha zote kutoka juu hadi chini, halafu matendo yote, halafu muda, na sauti ije mwisho. Kwa nini? Kwa sababu sisi tunapenda kuongea. Tukianza na sauti tutaandika hotuba, kisha tuhangaike kutafuta picha za kuifunika. Hilo ni tangazo la redio lililowekewa picha.

SAFU YA PICHA

Msiogope kuchora. Mtu wa vijiti, kichwa duara na mikono miwili, anatosha. Kinachotakiwa ni kuonyesha nini kiko ndani ya kisanduku na ni kikubwa kiasi gani. Tumieni maneno matatu tu. MBALI: tunaona mahali pote, kama shamba na miti. KATI: tunaona mtu kutoka kiunoni kwenda juu. KARIBU: tunaona kitu kimoja kikijaza kisanduku, kama mkono na chupa.

Kisanduku chenyewe kichoreni kwa umbo la simu jinsi itakavyoshikwa. Tangazo likiwa la televisheni, simu hulazwa, na kisanduku kinakuwa kipana. Likiwa la kutumiana kwa simu, mnaweza kuisimamisha. Amueni mara moja, na picha zote zifuate. Mkipiga nusu hivi na nusu vile, zile za upande mmoja zitatokea katikati ya kiza, zimebanwa kama mtu aliye mlangoni.

SAFU YA TENDO

Hapa andika kitendo kimoja kinachoonekana kwa macho. Kikundi chetu kiliandika mahali pamoja, "Mnunuzi ana wasiwasi." Tukauliza, huo wasiwasi simu itauona wapi? Wakafikiri, wakaandika, "Mnunuzi anaitikisa chupa, asali haishuki." Hilo linaonekana, hata kwa mtu aliye kiziwi.

Tumia kipimo hiki: mpe mwenzako safu ya tendo tu, mwambie aifanye mbele yenu bila kusema neno. Kama hajui afanye nini, basi si tendo. "Anafurahia asali" si tendo. "Anachovya mkate, anauma" ni tendo.

SAFU YA MUDA

Muda haukisiwi, hupimwa. Watu watatu wanatosha. Mmoja afanye tendo, wa pili ashike saa ya simu ile inayohesabu sekunde, wa tatu aandike. Rudieni mara tatu na mchukue ule muda mrefu zaidi, kwa sababu siku ya kupiga picha hakuna anayefanya haraka kama alivyofanya nyumbani.

Mtashangaa. Kumimina asali, kwa mfano. Tangu chupa inapoinamishwa hadi uzi wa asali ufike kwenye kijiko, sekunde kadhaa zinaenda bure. Ukingoja hapo, tangazo limekwisha. Kwa hiyo katika jedwali tuliandika, "Asali tayari inamiminika." Picha inaanzia katikati ya tendo, na mtazamaji haoni kwamba kuna kilichorukwa.

Kando ya muda wa kila picha andikeni pia pale inapoanzia na kuishia: 0 hadi 4, 4 hadi 9, na kuendelea. Namba ya mwisho kabisa lazima iwe 30. Isiwe 31. Vituo huuza nafasi kwa sekunde. Tangazo likizidi huenda ukalipishwa nafasi kubwa zaidi, au likakatwa mwishoni. Na mwishoni ndiko mlikoweka namba ya simu!

Jedwali la kwanza la kikundi chetu lilikuwa na picha 11, na zilipopimwa zikafika sekunde 52. Wengine wakasema tuongee upesi. Hapana. Dawa yake ni kuondoa picha. Tukapita kila moja tukiuliza: tukiitoa hii, mnunuzi bado ataelewa kwamba asali kuganda si kuharibika? Salamu za mwenyekiti, sekunde 8, zikatoka. Mkutano chini ya mti, 5, ukatoka. Kuchuja na kupakia, 7, kukatoka, ingawa wenyewe waliipenda sana picha ile. Mtoto akilamba asali, 4, akatoka, na sababu yake tutaieleza. Wanachama wote wakipunga mikono, 5, wakatoka. Hizo ni sekunde 29. Zikabaki picha 6 na sekunde 23, yaani tukawa na sekunde 7 za kugawa. Tukaziongezea picha zilizokuwa zinakimbizwa, hasa ile ya namba ya simu.

SAFU YA SAUTI

Sauti ni maneno yanayosikika, yawe ya mtu anayeonekana au ya msimulizi asiyeonekana. Wenzetu wa Kiingereza huhesabu maneno. Kwa Kiswahili kuhesabu maneno hakusaidii sana, kwa sababu "la" ni neno na "haijaharibika" ni neno, lakini moja lina silabi 1 na lingine silabi 7. Kwa hiyo tunahesabu silabi. Kipimo tunachotumia sisi ni silabi 4 kwa sekunde. Hapo sauti imetulia na mtu mzee anasikia vizuri. Ukifika 5 unaharakisha. Ukipita hapo, utasikika kama kondakta wa matatu akiitia abiria.

Chukua picha ya pili. Muuzaji anajibu swali la mnunuzi. Kikundi kiliandika: "La, mama. Asali huganda wakati wa baridi. Haijaharibika." Hesabuni na vidole: "La, mama" ni 3. "Asali huganda wakati wa baridi" ni 13. "Haijaharibika" ni 7. Jumla 23. Picha ina sekunde 5, na sekunde 5 mara 4 ni 20. Tumezidi kwa 3. Mmoja akapendekeza neno "mama" liondolewe. Lakini ni nani hapa anayemwambia mteja "La" kavukavu? Heshima ikabaki. Tukabadilisha "wakati wa baridi" kuwa "kwa baridi", silabi 7 zikawa 4, na jumla ikawa 20 kamili. Maana haikupungua.

Jambo lingine. Sauti isitaje kile ambacho jicho linakiona. Chupa ikiwa imeingia majini, hakuna haja ya kusema "sasa tunaona chupa ikiingia". Sauti iseme kile ambacho picha haiwezi kusema, kwamba maji yawe ya uvuguvugu na yasichemshwe. Na pawe na mahali pa kunyamaza. Pale asali inapomiminika hatukuweka neno lolote. Jicho linakula peke yake.

Mwisho, sauti isianze sekunde ya sifuri kabisa wala isifike mwisho kabisa. Acheni nusu sekunde mwanzoni na sekunde moja mwishoni, la sivyo neno la kwanza au la mwisho litamezwa.

JEDWALI LENYEWE

Hili hapa ndilo jedwali lililobaki baada ya kupunguza. Kwenye safu ya picha tumeandika maneno mahali pa michoro.

| Na. | Picha | Tendo | Sauti | Muda |
|---|---|---|---|---|
| 1 | KARIBU: mkono na chupa iliyopinduliwa | Mnunuzi anaitikisa chupa mara mbili, asali haishuki | Mnunuzi: "Mbona imeganda? Imetiwa sukari?" | Sekunde 4 (0–4) |
| 2 | KATI: muuzaji na mnunuzi kwenye kibanda sokoni | Muuzaji anatabasamu, anaipokea chupa | Muuzaji: "La, mama. Asali huganda kwa baridi. Haijaharibika." | Sekunde 5 (4–9) |
| 3 | MBALI: mizinga mitini, mrina asali mmoja | Mrina asali anainua sega | Muuzaji (haonekani): "Hii imetoka kwenye mizinga yetu, kule Mwingi." | Sekunde 5 (9–14) |
| 4 | KARIBU: sufuria ya maji | Mkono unaiweka chupa iliyoganda ndani ya maji | Muuzaji (haonekani): "Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu. Usiichemshe." | Sekunde 6 (14–20) |
| 5 | KARIBU: kijiko, namba ya simu chini | Asali tayari inamiminika juu ya kijiko | (Kimya) | Sekunde 4 (20–24) |
| 6 | KARIBU: chupa tatu, lebo zikitazama mbele, namba ya simu chini | Mkono unaweka chupa ya tatu kwenye mstari | Muuzaji (haonekani): "Asali yetu ya Mwingi. Namba ya simu ndiyo hiyo." | Sekunde 6 (24–30) |

Tuhakikishe pamoja. Muda: 4 na 5 ni 9, na 5 ni 14, na 6 ni 20, na 4 ni 24, na 6 ni 30. Silabi: picha ya kwanza 13, ya pili 20, ya tatu 17, ya nne 21, ya tano hakuna, ya sita 17. Jumla 88. Maneno yenyewe ni 35 tu! 

Angalieni pia kwamba picha ya kwanza ina nafasi ya silabi 16 lakini tumetumia 13. Hiyo ni kwa sababu chupa itikiswe kwanza ndipo mnunuzi aulize. Jicho lione shida, halafu sikio lisikie swali.

NAMBA YA SIMU

Wengi huuliza, kwa nini namba haisomwi kwa sauti? Haya, tuihesabu. Namba ya simu ina tarakimu 10 na huanza na sifuri. "Sifuri" ni silabi 3. Kila tarakimu nyingine, kuanzia moja hadi tisa, ni silabi 2. Kwa hiyo namba yoyote haipungui silabi 21, yaani zaidi ya sekunde 5 kwa mwendo wetu. Na ukishamaliza, nani ameishika?

Ni afadhali namba iandikwe. Lakini maandishi nayo yana muda wake: yakae kiasi cha kuweza kusomwa mara mbili polepole. Kwa namba, sekunde 6 za picha ya mwisho ni kidogo. Ndiyo maana tumeianzisha tangu picha ya tano, ile isiyo na maneno. Sasa inakaa sekunde 10. Iandikwe kwa mafungu, tarakimu nne, tatu, na tatu, isibanwe kwenye ukingo wa chini kabisa.

KUPITIA UKWELI

Jedwali likishakamilika, someni safu ya sauti na ya tendo tena mkiwa na swali moja: kuna jambo hapa ambalo si kweli, au linaweza kumdhuru mtu?

Mwanachama mmoja alitaka kuongeza, "Asali inayoganda ndiyo asali halisi." Maneno matamu, lakini si kweli. Hata asali iliyochanganywa yaweza kuganda, na asali nyingine safi hukaa miezi mingi bila kuganda. Kuganda hakuthibitishi kwamba imetiwa sukari, wala hakuthibitishi kwamba ni safi. Tangazo letu linasema haijaharibika, na linaishia hapo.

Sasa yule mtoto tuliyemtoa. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo. Asali yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini kwa mtoto mchanga huleta sumu ya kumlegeza viungo na hata kuzuia pumzi. Mtazamaji hafanyi tu unayomwambia, hufanya pia anayoyaona. Picha ile ingewafundisha akina mama jambo la hatari bila sauti kusema neno.

Vilevile msiseme asali inaponya ugonjwa fulani. Na lebo inayoonekana katika picha ya sita ionyeshe alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ikiwa tu kikundi kimepewa alama hiyo. Kama bado mnashughulikia, tangazo lingoje.

KUTOKA KWENYE KARATASI HADI KWENYE SIMU

Jedwali likiwa tayari linawaonyesha pia vitu vya kubeba na mahali pa kwenda. Si lazima mpige picha kwa kufuata namba. Picha ya 1 na ya 2 ziko sokoni, basi zipigwe pamoja. Ya 4, 5 na 6 ziko jikoni, nazo zipigwe siku moja. Ya 3 iko kwenye mizinga. Kwa kuwa wengi wetu hurina jioni au usiku, chagueni saa za alasiri mwanga ukiwapo, aliye karibu na mzinga avae mavazi ya kujikinga, na mwenye simu asimame mbali. Ndiyo maana tuliandika MBALI.

Someni safu ya tendo tena mtaona kwamba mnahitaji chupa za aina mbili: zilizoganda, na zilizo nyepesi. Asali iliyoganda haiyeyuki kwa sekunde 6. Inahitaji nusu saa au zaidi, na maji yawe ya kiasi ambacho mkono unavumilia. Kwa hiyo chupa ya picha ya 4 na chupa ya picha ya 5 si moja, lakini lebo ziwe sawa na asali iwe imejaa kiasi kilekile. Huo si udanganyifu, kwa sababu jambo linaloonyeshwa ndilo linalotokea kweli kweli. Tumeruka tu muda wa kungoja.

Na kama mnapiga picha wakati wa joto, asali haijaganda? Chukueni kijiko cha asali iliyoganda tayari, mkichanganye katika chupa ya asali nyepesi, mkaiweke mahali penye baridi. Chembe zile huvuta nyingine. Lakini inachukua siku kadhaa, wakati mwingine majuma, basi tayarisheni mapema.

Siku ya kupiga picha, acheni simu ianze sekunde 3 kabla ya tendo na iendelee sekunde 3 baada yake. Picha ya sekunde 4 mtaipiga kwa sekunde 10. Zilizozidi zitakatwa. Zilizopungua hazina dawa ila kurudi tena sokoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mteja wenu ana wasiwasi gani juu ya bidhaa yenu? Andikeni kwa sentensi moja. Je, mmemsikia mwenyewe akisema, au mnakisia?

2. Chagueni picha zisizozidi sita. Funikeni safu ya sauti kwa karatasi. Mtu ambaye si mwanachama anaelewa nini kutokana na picha peke yake?

3. Hesabuni silabi za kila picha na mzigawanye kwa sekunde zake. Ni wapi mmepita 4? Ni neno gani laweza kufupishwa bila kuondoa heshima?

4. Kuna picha yoyote ambayo mtazamaji akiiga anaweza kuumia?

Mkishajibu, leteni jedwali lenu katika mkutano ujao tulisome pamoja. Msilete video bado. Leteni karatasi, na saa ya kuhesabu sekunde.